Kumsaili mwombaji mwenye haya: anza na mkono, mdomo utafuata

Karatasi nyingi za alama zinazotumika kwenye usaili huku kwetu, kuanzia ofisi za Mbeya mjini hadi viwandani Mafinga, zina mstari mmoja unaosomeka "Kujiamini". Mstari huo hupewa alama kumi, wakati mwingine zaidi. Hauelezwi unapimwaje. Kila mjumbe wa jopo huujaza kwa kumwangalia mwombaji: je, alitutazama usoni, sauti ilisikika, alijibu bila kusita? Mwombaji akiwa ameinamisha kichwa na kuongea kwa sauti ya chini, anapewa mbili au tatu, na hapo kazi imekwisha hata kama maswali mengine kayajibu sawa na wenzake.

Nina ugomvi wa siku nyingi na mstari huo. Zipo kazi ambazo sauti ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwa hizo upimwe vizuri, kwa njia nitakayoieleza mbele. Lakini kwa mtunza stoo, fundi wa maabara, karani wa mapato au mpima ubora wa parachichi, mstari huo unapima jinsi mtu anavyovumilia kukaa mbele ya wageni watano wenye mafaili. Hiyo si kazi atakayoifanya tena mpaka siku atakapotafuta kazi nyingine.

Tuanze na kinachotokea kichwani. Mtu anapofikiri jibu, anashikilia vitu kadhaa kwa wakati mmoja: swali lilivyoulizwa, tukio analolikumbuka, mpangilio wa maneno. Nafasi ya kushikilia vitu hivyo ni finyu kwa kila mtu. Mwenye hofu anaigawa nafasi hiyohiyo kwa mambo mengine: mikono yake inatetemeka au la, yule mzee wa kulia ameandika nini, sauti yake inasikikaje. Kinachobaki kwa ajili ya swali ni kidogo. Ndiyo maana mtu aliyetunza stoo miaka minne anaweza kuulizwa hatua za kupokea mzigo akajibu, "Unapokea... unaandika," akanyamaza. Hatua anazijua. Hana tu nafasi ya kuzipanga wakati ule.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye wasiwasi wa usaili hupata alama za chini kuliko wenzao. Tofauti si kubwa sana, lakini inajirudia. Na kwa mwajiri anayechagua mtu mmoja kati ya sita waliokaribiana, tofauti ndogo inayoegemea upande mmoja inatosha kubadilisha jina la mshindi.

Kwa mikoa yetu kuna jambo jingine linalochanganyika na hofu mpaka jopo lisitofautishe, nalo ni malezi. Kijana aliyekulia Makete, Kilolo au Rungwe vijijini amefundishwa kwamba mkubwa hatazamwi machoni, na kwamba kujisifu mbele ya watu wazima ni utovu wa adabu. Ukimwambia, "Haya, jieleze, kwa nini tukuchukue wewe?" umemwomba afanye kitu alichokatazwa tangu utotoni. Atajibu kwa sentensi mbili na kuangalia meza. Msaili aliyezoea mambo ya mjini anaandika "anaficha kitu". Mwenyewe anajua amekuwa na heshima.

Halafu kuna Kiingereza. Usaili unaanza kwa Kiswahili kizuri, mara mjumbe mmoja anakohoa na kuuliza swali kwa Kiingereza "kumpima". Ghafla aliyekuwa anajibu anakwama, na jopo linaona uwezo umeishia hapo. Kama kazi inahitaji kusoma ankara na lebo za mbolea zilizoandikwa kwa Kiingereza, mpe ankara na lebo asome. Kuzungumza Kiingereza mbele ya watu ni ujuzi mwingine kabisa, na mtunza stoo wa Uyole anayeongea na madereva wa fuso hautumii.

Sasa tuone linavyofanyika kwa kazi moja. Tuseme ni ghala la pembejeo Uyole, pale njia ya Tukuyu inapoachana na barabara kuu ya Zambia. Mwenye ghala anatafuta mtunza stoo. Usaili ni Julai, ili mtu awe ameizoea kazi kabla wakulima hawajaanza kuulizia mbolea ya DAP ya kupandia mvua zikikaribia. Waombaji waliobaki ni wanne. Wawili nitawafuata: kijana mmoja wa mjini, mchangamfu, aliyewahi kuuza duka la vifaa vya ujenzi, na dada mmoja wa Makete aliyetunza stoo ya chama cha ushirika kwa miaka mitatu, ambaye hata kwenye simu sauti yake ililazimu kumwambia arudie.

Kazi ya kumsaidia mwenye haya inaanza siku kadhaa kabla. Hofu inalishwa na kutojua: nitawakuta wangapi, nitaulizwa nini, nikichelewa itakuwaje. Ujumbe mmoja wa simu unapunguza mengi ya hayo, na unatumwa kwa waombaji wote wanne bila kubadilisha neno:

"Habari. Usaili wa kazi ya mtunza stoo ni Jumatano saa 5 asubuhi, ghalani kwetu Uyole. Utafanya zoezi la kadi ya stoo kwa dakika 35, kalkuleta tutakupa. Baada ya hapo utaongea na watu wawili, meneja wa ghala na mhasibu, dakika 25 hivi. Tutauliza kuhusu kupokea mzigo, kuhesabu stoo na kutoa mzigo. Tutaongea Kiswahili. Kwenye zoezi kuna ankara moja ya Kiingereza ya kusoma. Ukiwa na swali piga namba hii."

Saa 5 imechaguliwa kwa makusudi. Usaili wa saa 2 asubuhi unamlazimu mtu wa Makete asafiri jana yake na kulala kwa ndugu au gesti, halafu afike amechoka na nauli imemwishia. Watu wawili nao wana sababu. Jopo la watano linampa mwenye haya nyuso tano za kuchunguza, na sijaona mjumbe wa tatu, wa nne na wa tano wakiongeza habari inayolingana na hofu wanayoileta. Wasiwasi wa waajiri kuhusu kutaja mada mapema ninaujua: "Si watakariri?" Wakariri. Ulichotaja ni maeneo ya kazi, na mtu asiyewahi kupokea mzigo hawezi kukariri tukio ambalo halikumpata, kwani swali la pili litamuumbua. Namba za zoezi hazitolewi kabla.

Siku yenyewe, zoezi linatangulia maongezi. Huu ndio ubadilishaji mkubwa kuliko yote. Utaratibu wa kawaida ni kuongea kwanza, halafu kama kuna muda, mtihani. Kwa mwenye haya huko ni kuanza na sehemu inayomuumiza, akaingia kwenye zoezi akiwa tayari amejihesabu ameshindwa. Ukimpa zoezi kwanza, anatulia. Mikono ina kazi, hakuna anayemtazama, na akimaliza ana kitu mezani cha kukizungumzia. (Na mpe chai ya moto. Mikono inayotetemeka Uyole mwezi Julai huenda ni baridi tu.)

Zoezi lenyewe ni karatasi tatu. Ya kwanza ni kadi ya stoo ya DAP, mifuko ya kilo 50: salio la mwanzo 340, iliyopokelewa 200, iliyotolewa 85, iliyotolewa tena 120, iliyorudishwa kutoka tawini 12. Salio la mwisho limeachwa wazi. Ya pili ni ankara ya msambazaji, ya Kiingereza, mifuko 200. Ya tatu ni hati ya kupokelea mzigo huohuo, iliyosainiwa na dereva na mpokeaji, na chini kwa kalamu imeandikwa mifuko 190. Maelekezo ni mafupi: jaza salio, hesabu ya mikono ya leo imekuta mifuko 336, eleza kwa maandishi kama kuna tofauti, imetoka wapi, na ungefanya nini.

Hesabu inakwenda hivi. 340 kujumlisha 200 ni 540, ukitoa 85 inabaki 455, ukitoa 120 inabaki 335, ukiongeza 12 iliyorudi unapata 347. Mikononi kuna 336. Tofauti ni mifuko 11. Anayesoma hati zote mbili ataona kwamba aliyejaza kadi alinakili namba ya ankara, 200, wakati mzigo ulioshuka ulikuwa 190. Hiyo inaeleza mifuko 10. Mfuko mmoja haujaelezeka, na umeachwa hivyo kusudi. Stoo halisi huwa hivyo, na nataka kuona mtu anafanya nini na kitu asichokijua.

Kijana wa mjini alipata 347 haraka, akaandika tofauti ni 11, na chini yake: "Kuna dalili za wizi, wahusika wachukuliwe hatua." Hati ya kupokelea hakuigusa. Dada wa Makete alitumia dakika zote 35. Aliandika kwamba kadi imejazwa kwa ankara badala ya hati ya kupokelea, hivyo 10 si upotevu wa stoo, ni deni la msambazaji na ankara irekebishwe. Kisha: "Mfuko 1 sijauona kwenye karatasi. Naomba kuhesabu tena na kuangalia iliyochanika kabla ya kuandika upotevu."

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, tayari unajua zaidi kuhusu huyu dada kuliko saa nzima ya "tuambie nguvu zako na udhaifu wako". Lakini maongezi bado yanahitajika, kwa sababu karatasi haikuonyeshi alivyofikiri wala yaliyompata huko nyuma.

Kaa naye kwenye kona ya meza, karatasi yake ikiwa katikati yenu, ili wote muwe na pa kutazama. Kumwekea kiti peke yake mbali na meza kunamfanya ajione yuko kizimbani. Mwite kwa jina, "dada" fulani. Wazee wengi wa majopo, kwa nia njema kabisa, humwita mwombaji "mwanangu". Nimeona mara nyingi neno hilo likifanya kinyume cha linalokusudiwa: mbele ya baba, mtoto husikiliza, hatoi hoja. Na jizuie kusema "usiogope", maana maneno hayo yanamtangazia kwamba hofu yake imeonekana. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi hudhani wengine wanauona kuliko wanavyouona kweli. Acha aendelee na kazi bila kumthibitishia.

Swali la kwanza linatoka kwenye karatasi yake: "Hapa umeandika ankara irekebishwe. Ulianza kuangalia karatasi ipi?" Ni swali dogo, lina jibu moja, na jibu analo kwenye vidole. Ataonyesha kwa kidole, aseme maneno matano. Linafuata lililo kubwa kidogo: "Kwa nini hukuiamini ankara?" Hapo ndipo sauti inapoanza kutoka, kwa kuwa sasa anaeleza kitu anachokijua mbele ya watu wanaokitazama kitu hicho, si kumtazama yeye. Baada ya maswali mawili au matatu ya namna hiyo, muulize la kumbukumbu: "Kule ushirika, iliwahi kutokea mzigo usilingane na karatasi? Tueleze siku moja tu."

Swali moja kwa wakati mmoja. Wasaili tuna ugonjwa wa kuunganisha: "Uliwahi kupata tofauti, ilikuwa ya kiasi gani, ulifanya nini na bosi wako alisemaje?" Mwongeaji hodari atachagua kipande anachokipenda. Mwenye haya atajaribu kuvishika vyote vinne na kuangusha vyote.

Ukishauliza, nyamaza. Miaka ya 1970 watafiti wa ufundishaji Marekani waligundua kwamba walimu walikuwa wakisubiri jibu kwa kama sekunde moja tu kabla ya kuongea tena, na kwamba wakisubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na bora. Kwenye usaili mimi husubiri zaidi ya hapo. Hesabu moyoni taratibu hadi kumi huku ukiangalia karatasi, si uso wake. Kimya hicho kinamsumbua msaili kuliko mwombaji, na ndiyo maana wasaili hukivunja. Na kukivunja vibaya kuna madhara makubwa kuliko kuonekana mkali, kwa sababu mara nyingi tunakivunja kwa kumpa jibu.

Sikiliza jinsi inavyokuwa. Dada kanyamaza sekunde nne. Mhasibu, kwa huruma, anasema: "Yaani ulihesabu tena halafu ukamwambia meneja, siyo?" Dada anajibu, "Ndiyo." Mhasibu anaandika jibu zuri. Hakuna jibu lililotolewa hapo. Mtu aliyelelewa kutompinga mkubwa atasema ndiyo hata kama siku ile alificha hati kwenye droo. Ndiyo ya mwenye haya isihesabiwe kuwa ushahidi wa chochote. Msaada unaoruhusiwa ni ule usiobeba jibu ndani yake: kurudia swali kwa maneno mepesi, kumwambia "chukua muda wako", kumruhusu kuandika kwanza kwenye kipande cha karatasi, kuliacha swali na kulirudia mwishoni. Ukitaka kumsogeza, tumia mlango ulio wazi: "Halafu?" au "Aliyekuwepo hapo alikuwa nani?"

Kitu kingine cha kusikiliza ni "tulifanya". Mwongeaji hodari husema "nilifanya" hata kwa kazi ya ofisi nzima. Mwenye haya husema "tulihesabu, tukaandika", hata kama alikuwa peke yake ghalani na taa ya simu. Usimkate alama, muulize: "Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani?" Kwa huyu dada jibu lilikuwa "kwangu", na baada ya hapo akasimulia jinsi alivyomsimamisha dereva asiondoke mpaka upungufu uandikwe kwenye nakala zote za hati. Hilo lilitoka dakika ya kumi na nane. Kwenye usaili wa dakika kumi lisingetoka.

Ikitokea akakwama kabisa, yaani anarudia maneno ya swali, pumzi ni za juujuu, anasema "nimesahau" kwa kitu alichokieleza dakika mbili zilizopita, usisukume. Kila swali jipya linaongeza mzigo. Mrudishe kwenye kitu alichokwisha kukijibu vizuri, "ebu nionyeshe tena hapo kwenye 12 iliyorudi," au simameni mkaangalie rundo la mifuko ghalani. Kutembea kunasaidia kuliko maji ya kunywa, na huko ghalani ataanza kuongea bila kuulizwa, labda kuhusu mifuko iliyopangwa kugusa ukuta unaovuta unyevu.

Hapa mwajiri mwenye akili atauliza: nitajuaje kama ni haya na si kwamba hajui? Swali zuri, na jibu lipo kwenye mwelekeo wa majibu kadiri unavyobana. Anayejua na ana haya anakuwa bora swali likiwa jembamba. Ukimuuliza "udhibiti wa stoo ni nini" anababaika. Ukimuuliza "mfuko wa UREA umeshika unyevu ukawa mgumu kama jiwe, unauandikaje kwenye kadi?" anajibu mara moja, kwa maneno machache na sahihi. Asiyejua anakwenda kinyume. Maswali mapana anayamudu kwa maneno ya jumla, na kadiri swali linavyokuwa jembamba ndivyo majibu yanavyorudi kwenye uaminifu, bidii na kushirikiana na uongozi. Dalili ya pili ni muda: dakika za mwisho za mwenye haya huwa bora kuliko za kwanza, wakati asiyejua anabaki palepale au anaporomoka. Na kama zoezi, swali jembamba na dakika za mwisho vyote vimekuwa dhaifu, basi hajui, awe na haya au asiwe nayo. Kumchukua kwa huruma ni kumletea matatizo yeye na ghala.

Nimeahidi kurudi kwenye sauti. Mtunza stoo ana wakati mmoja ambao upole unaweza kuiangusha kazi: pale mtu wa mauzo au dereva anapotaka mzigo bila hati. Hilo lazima lipimwe, na kumuuliza "je, unaweza kukataa?" hakupimi kitu. Kuigiza mbele ya jopo nako kunapima haya tu. Lifanyieni kwenye dirisha la kutolea mzigo, mtu mmoja upande wa pili, meneja akiwa pembeni anapanga karatasi. Mtu wa mauzo anakuja: "Dada, nipe mifuko 20 ya CAN, gari inawaka. Bosi anajua, hati naleta mchana." Asipopewa anasukuma mara ya pili, kisha mara ya tatu, bila matusi. Waombaji wote wanakuwa wameambiwa kabla kwamba ni zoezi.

Dada wa Makete alisema, "Samahani kaka, naomba hati." Aliposukumwa akasema vilevile. Mara ya tatu, kwa sauti ambayo meneja alilazimika kutega sikio, akasema: "Kaka, bila hati siwezi. Nimpigie meneja?" Mifuko haikutoka. Kijana wa mjini alicheka, akapiga soga, akatoa 20 na kusema ataandika kwenye daftari hadi hati ije. Kwenye karatasi ya alama hapo panaulizwa mifuko imetoka au haikutoka, na kama alitoa njia ya halali ya kuipata. Ukubwa wa sauti haupo kwenye mstari huo. Angekuwa dada ndiye aliyetoa mifuko kwa kuona aibu kukataa, ningeandika sifuri, kwa sababu hapo haya ingekuwa imefika mlangoni mwa stoo.

Alama zote hizi zinataka vipimo vilivyoandikwa kabla ya mwombaji wa kwanza kuingia. Kwa swali la mzigo usiolingana, tano ni kwa anayeeleza tukio moja, alichokagua, alichoandika na aliyemjulisha. Tatu ni kwa anayejua utaratibu bila tukio lolote. Moja ni kwa anayeishia kwenye "ningemwambia bosi". Kila msaili anajaza peke yake kabla ya kuongea na mwenzake, maana neno la kwanza la mkubwa ("mh, huyu mbona mpole sana") linatosha kuzisogeza kalamu zote. Uchambuzi mkubwa wa mbinu za kuajiri uliochapishwa 2022 uliweka usaili wa namna hii, wenye maswali yaleyale kwa wote na vipimo vya alama, miongoni mwa njia zinazotabiri vizuri zaidi utendaji kazini, mbele ya usaili wa kupiga stori.

Kwa waombaji wetu wawili, zoezi la karatasi lilikuwa na alama 40, dirisha 20, maongezi 40. Dada alipata 36, 18 na 27. Kijana alipata 19, 5 na 32. Ni 81 kwa 56. Tazama maongezi: kijana bado alishinda kwa alama tano, pamoja na kona ya meza, kimya na maswali membamba. Njia hizi hazimgeuzi mwenye haya kuwa msemaji. Zinapunguza tu upotevu, na zinaizuia sehemu hiyo moja isiamue zote. Kama mwenye ghala angetumia maongezi peke yake, kijana ndiye angekuwa na ufunguo.

Kuwatendea wote sawa kuna upande wa kisheria pia. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, mahali mtu alikotoka, jinsia na ulemavu, na kinga hiyo inamfikia mwombaji wa kazi pia. Haya yenyewe haimo kwenye orodha. Lakini "hana kujiamini", likiandikwa mara kwa mara kwa mabinti wa kutoka vijijini, linaweza kuwa kabila, jinsia au mahali pa asili vilivyovaa jina jingine. Kigugumizi nacho kisichanganywe na woga. Mwenye nacho anahitaji muda na ruhusa ya kuandika, kwa hiyo ongezeni kwenye ujumbe wa mwanzo swali kwa wote, kama kuna anayehitaji utaratibu tofauti.

Yanayobaki baada ya usaili ni simu kwa mwajiri wa zamani, na kwa mtu mpole simu hiyo huharibika kirahisi. Ukiuliza "alikuwaje?" utaambiwa "mtu mzuri, mkimya", nawe utarudi na ukimya uleule uliokuwa nao. Uliza kuhusu kazi: hesabu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inalingana mara nyingi kiasi gani, tofauti zilipotokea nani aliziona kwanza, na aliwahi kumkatalia mtu mzigo. Katibu wa ushirika wa dada yetu alicheka kwa swali la mwisho, akasema aliwahi kumkatalia yeye mwenyewe.